Herufi moja imefutika kwenye skani ya barua ya tapureta: jinsi ya kuirudisha bila kubuni

Watu wengi wakiona herufi imefifia kwenye barua ya zamani wanatafuta fonti inayofanana na tapureta, wanaandika herufi pale juu, basi. Kwa mbali inapita. Ukizumu kidogo tu inaonekana ni kitu cha kubandika, na kibaya zaidi hakuna aliyehakikisha kama herufi yenyewe ndiyo hiyo au mtu ameamua tu kichwani. Njia ninayotumia mimi haihitaji fonti kabisa. Herufi unaitoa kwenye ukurasa uleule, na herufi jirani ndiyo inakuonyesha pa kuiweka.

Nitaenda na mfano mmoja mpaka mwisho. Ni barua ya Kiswahili ya miaka ya 1950, nakala ya karboni, inahusu shamba. Kuna mstari unasema "shamba lake lime_imwa mwezi uliopita" na hapo katikati pametoka, pameachwa kivuli tu. Sasa ni limepimwa au limelimwa? Yote mawili yanakubali kwenye sentensi, na tofauti yake si ndogo maana moja ni mpima ardhi kapita na nyingine ni jembe limepita. Kwa hiyo hapa huwezi kukisia, lazima karatasi yenyewe iseme.

Ninatumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Skani iwe 600 dpi, yaani pikseli 600 kwa inchi, na ya rangi, faili iwe TIFF. Kama uliyopewa ni JPEG iliyobanwa sana fanya nayo hivyohivyo lakini ujue kuzunguka kila herufi kuna takataka za kubanwa na zinaweza kukudanganya, nitarudi hapo. Ile faili ya awali usiiguse, fungua kopi.

Hatua ya 1: jua mashine inapiga hatua ngapi

Tapureta ya kawaida kila herufi inapewa nafasi sawa, i na m zinakaa kwenye upana uleule. Kuna saizi mbili utakazokutana nazo mara nyingi: paika, herufi 10 kwa inchi, na eliti, herufi 12 kwa inchi. Kwa hiyo kwenye 600 dpi paika ni pikseli 60 kwa herufi na eliti ni 50. Chukua `Measure`, pima kutoka herufi moja mpaka nyingine ya aina ileile. Kwenye neno letu kuna m mbili, herufi ya tatu na ya saba, kutoka moja mpaka nyingine ni hatua nne za herufi, nikapata karibu 200, basi hii ni eliti. Pima herufi na mwenzake wa aina moja tu, usipime l mpaka m, kwa sababu wino wa kila herufi haukai katikati ya nafasi yake sawasawa.

Kipimo hiki kinakusaidia kujua kwamba pale pana nafasi ya herufi moja, siyo mbili. Lakini hakikuambii kama herufi ilipigwa kweli, kuna wakati unadhani herufi imefifia kumbe mpigaji aliruka tu nafasi, hilo utalijua kwa kivuli cha Hatua ya 2.

Kama ukurasa umelala upande kidogo kwenye skani, chini ya nusu digrii, mimi siunyooshi. Kuuzungusha kunafanya programu ihesabu upya kila pikseli na ule wino hafifu ndio unaoumia kwanza.

Hatua ya 2: toa kivuli

Hii ndiyo kazi yenyewe, usiharakishe. Nenda `Colors > Components > Decompose`, chagua RGB, utapata picha mpya yenye leya tatu za kijivu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Karatasi iliyogeuka njano inatulia zaidi kwenye nyekundu na inachafuka sana kwenye bluu. Lakini angalia na rangi ya wino: karboni ya bluu inasomeka vizuri kwenye nyekundu, ya zambarau kwenye kijani. Hii yetu ni bluu nyeusi hivi, nikachukua nyekundu.

Kwenye hiyo nyekundu weka `Filters > Blur > Gaussian Blur` ya pikseli 2 hivi, inapunguza chengachenga za karatasi, halafu `Colors > Levels`. Karatasi ilikuwa inasoma kama 210 na kile kivuli 200, tofauti ambayo jicho halioni. Ukivuta nyeusi mpaka 180 na nyeupe mpaka 215 ile tofauti inanyooshwa na kitu kinaanza kutokea. Itakuwa picha mbaya, imejaa madoa, haina shida, hii ni ya kuangalia tu haitaingia kwenye kazi ya mwisho.

Sasa kabla hujafurahi fanya jaribio hili ambalo watu wanaliruka. Angalia nafasi tupu kati ya maneno kwenye picha hiyohiyo. Kama na huko kuna vivuli vyenye uzito uleule na umbo la kijiti, basi ulichokiona kwenye herufi si ushahidi, ni karatasi au ni takataka za JPEG. Kivuli cha kuaminika ni kile kinachozidi wazi kile kilichopo kwenye nafasi tupu, na kinaonekana hata kwenye kijani, siyo kwenye nyekundu peke yake.

Kwetu sisi kilitokea kijiti upande wa kushoto wa nafasi, na chini yake, chini kabisa ya mstari ambao herufi zinakalia, kakipande kadogo kalicholala. Unaona inapoelekea lakini tulia kwanza.

Hatua ya 3: jaribu kila herufi inayogombea

Wagombea ni p na l. Hapa ndipo i inakuwa rula yetu. Baada ya herufi iliyopotea kuna i nzima kabisa. Kwa hiyo tafuta kwenye ukurasa mahali palipoandikwa "pi" na mahali palipoandikwa "li". Bahati nzuri "li" iko kwenye neno lilelile, mwanzoni mwa limepimwa/limelimwa. "Pi" niliipata kwenye "pia" mistari michache chini.

Chukua `Rectangle Select`, zungushia "li" yote mbili kwenye picha halisi, acha ukingo kidogo juu na chini, kopi, kisha `Edit > Paste as > New Layer`. Weka leya hiyo kwenye modi ya `Difference` na isogeze mpaka i yake ilale juu ya i iliyopo, malizia na vishale vya kibodi pikseli moja moja huku umezumu sana. Zikikutana ile i inakuwa karibu nyeusi tupu. Ukishafika hapo l imejiweka yenyewe kwenye nafasi iliyo wazi, hujaamua wewe. Zima leya hiyo, halafu fanya vivyo hivyo na "pi" kwenye leya nyingine. Nakili leya zote mbili juu ya ile picha ya kivuli, modi `Normal`, `Opacity` kama 40, washa moja zima moja.

Herufi l ya tapureta kijiti chake kiko katikati ya nafasi, kinapanda juu, na chini kina kisigino kipana kinachokaa juu ya mstari. P kijiti chake kiko kushoto na mguu unashuka chini ya mstari. Kivuli chetu kililala kwenye mguu wa p pikseli kwa pikseli na shingoni kwa l hapakuwa na kitu chochote. Limepimwa.

Kama ingekuwa sawa kwa sawa, ningeishia hapo na kuacha pengo. Tarakimu ndio mbaya kabisa: 3 na 8 zikififia upande wa kushoto zinalingana, na sentensi haikusaidii kujua ni eka 3 au 8. Tarakimu isiyokuwa na kivuli cha wazi usiijenge. Na usije ukarekebisha 1 inayoonekana kama l, mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1, walikuwa wanapiga l ndogo.

Kama karatasi yenyewe ipo na unaruhusiwa kuiona, igeuze nyuma na umulike tochi kwa ubavu. Kwenye nakala ya kwanza pigo linaacha alama kwenye karatasi hata wino ukiondoka wote. Kwenye karboni alama ni dhaifu, mara nyingine haipo.

Hatua ya 4: ijenge

Rudi kwenye picha ya rangi na ile leya ya "pi" iliyokwisha kukaa mahali pake. Ongeza `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua nyeupe, kisha kwa brashi nyeusi laini futa ile i ya kubandika, ibaki ya asili. Badili modi iwe `Multiply`. Utaona kimraba cha karatasi kimekuja pamoja na p, kimekuwa cheusi kuliko pembeni. Fungua `Colors > Levels` kwenye leya hiyo, hakikisha umeshika picha siyo maski, vuta pembetatu nyeupe kushoto mpaka kimraba kipotee. Wino nao utapauka kidogo lakini `Multiply` inaurudishia uzito kwa karatasi iliyo chini, na chengachenga unazoziona ni za mahali penyewe.

Kinachobaki ni nguvu ya pigo. Pima wino wa e na wa i kwa `Color Picker`, ukiwasha `Sample average`, halafu pima p. Ya kwetu ilikuwa nyeusi kuliko majirani maana kwenye "pia" mpigaji alikandamiza, nikashusha `Opacity` mpaka 85 ikakaa. Ikiwa p yako ina tundu lililojaa wino tafuta nyingine kabla ya kuanza kuchora kwa brashi. Ukishachora kwa mkono hiyo ni herufi yako, siyo ya mashine ile.

Zumu asilimia 100 uangalie neno zima. P isiwe safi kuliko jirani zake, hilo ndilo kosa linaloonekana haraka. Mashine kama inapiga p juu kidogo ya mstari, iache juu kidogo.

Hatua ya 5: hifadhi na useme ulichofanya

Hifadhi XCF, faili ya GIMP yenyewe, yenye leya zote, na toa TIFF nyingine yenye jina linaloonyesha imerekebishwa, kwa mfano `barua_uk2_imerekebishwa.tif`. Weka faili ndogo ya maandishi pembeni: mstari wa ngapi, neno gani, p imetoka kwenye "pia" ya mstari upi, kivuli kilionekana kwenye chaneli ipi. Ukiandika maneno ya barua kwa kutaipu upya andika lime[p]imwa, mabano ya mraba yanamwambia msomaji hiyo herufi imerudishwa. Na mtu akiiomba barua kwa ajili ya kesi ya shamba, mpe skani ya awali isiyoguswa pamoja na ile picha mbaya ya kivuli. Hiyo iliyorekebishwa ni ya kusomea tu.