Weupe si mvua: kusoma picha ya setilaiti kutoka Tanga

Wengi wetu tukifungua picha ya setilaiti tunatafuta weupe, na penye weupe tunasema panyesha. Leo nataka tuachane na kosa hilo, na tutatumia picha za mchana mmoja wa Novemba, wakati wa vuli, kati ya Tanga mjini na Mombo.

Anza na saa. Picha huandikwa kwa UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa anayehesabu saa za Kiswahili kuna njia nyepesi: toa tatu. Picha ya 0900 UTC ni ya saa sita mchana, ya 1200 UTC ni ya saa tisa alasiri. Ukipuuza hili utaeleza wingu ambalo limekwisha kufa.

Kisha tazama ni picha ya aina gani. Ile ya mwanga wa jua ni kama picha ya kamera: wingu nene linang'aa, jembamba linapauka, na usiku hakuna kitu. Ile iliyoandikwa IR 10.8 hupima joto la sehemu ya juu ya wingu, usiku na mchana. Kadiri kilele kilivyo baridi ndivyo kinavyochorwa cheupe. Kilele cha wingu la ngurumo huku kwetu hufika nyuzi 60 au 70 chini ya sifuri, ilhali wingu la chini lenye nyuzi 15 juu ya sifuri huonekana kijivu, karibu sawa na bahari. Kwa hiyo weupe wa IR unakuambia urefu wa wingu tu. Unene wake hausemi, na kinachotoka chini yake hausemi kabisa.

Sasa twende kwenye picha zetu. Saa sita mchana, picha ya mwanga wa jua ilionyesha ukanda wa pwani kutoka Tanga hadi Pangani uko wazi, na vijiwingu kama bisi vimejipanga nyuma ya Muheza na juu ya Usambara. Huo ni upepo wa bahari ukifanya kazi yake: unasukuma hewa yenye unyevu kuelekea bara, unainuka unapokutana na joto la nchi kavu na milima, na nyuma yake pwani inabaki na jua. Niliandika hivi: "Tanga mjini mawingu sehemu 1 kati ya 8. Muheza hadi Korogwe sehemu 4, ya mrundikano, bado mafupi." Kugawa anga katika sehemu nane ndivyo wapimaji wa hali ya hewa wanavyofanya, na kunatuzuia kusema "mawingu kiasi" ambayo kila mtu huielewa kivyake.

Saa tisa alasiri palikuwa na bonge moja jeupe sana katika IR, kutoka upande wa Muheza, likapita Korogwe hadi Mombo. Mtu wa haraka angetangaza mvua kwa miji yote mitatu. Lakini angalia kingo zake. Upande wa mashariki ulikuwa umekatika kama kwa kisu. Upande wa Mombo ulichanika nyuzinyuzi kama pamba inayovutwa. Nikaweka pembeni picha ya mwanga wa jua ya saa ileile: mashariki paling'aa na kuwa na mabonde na vilima, na juu ya Mombo palipauka hadi milima ikaonekana kwa chini. Pale Mombo palikuwa na barafu nyembamba tu iliyopeperushwa na upepo wa juu kutoka kwenye kilele cha wingu la ngurumo. Mvua iko chini ya ukingo mkali.

Hapo usiandike bado. Rudi nyuma picha tatu au nne. Setilaiti niliyotumia, Meteosat, ilitoa moja kila dakika 15. Kama eneo jeupe kabisa linapanuka na kuzidi kuwa baridi, wingu bado linakua. Likianza kuwa na joto na kingo zote kulegea, linakufa, hata kama ni kubwa zaidi kuliko mwanzo. Letu lilikuwa linakua, nami nikaandika: "Mvua ya ngurumo inaelekea kunyesha sasa kati ya Korogwe na Muheza, kwa saa moja ijayo. Mombo wingu la juu, mvua si ya kutarajiwa. Tanga mjini pakavu kwa sasa." Niliwapigia simu watu wa huko. Korogwe ilinyesha kwa nguvu. Mombo kulikuwa na kivuli, hakuna tone. Muheza mjini nako hakukunyesha, ingawa niliitaja. Mvua ilikomea magharibi ya mji.

Kuhusu Muheza nilijifunza jambo. Picha niliyotumia ilitoka kwa setilaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 0, kule Ghuba ya Gini. Inatutazama kwa mshazari, kwa hiyo wingu lenye urefu wa kilomita 15 linachorwa takriban kilomita 15 mashariki ya mahali lilipo kweli. Tafuteni picha za Bahari ya Hindi: tangu 2022 zinatoka Meteosat-9, iliyo nyuzi 45.5 mashariki, karibu juu yetu, na kosa hilo linashuka hadi kilomita mbili au tatu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi mvuvi wa Sahare. Mwezi wa tano tuliona picha ya kijivu tu alfajiri, tukatoka, tukalowa vibaya. Je, picha ilidanganya?*

Marahaba. Haikudanganya, bali ilionyesha kilele tu. Kusi ikishika, mawingu mafupi kutoka baharini yanaweza kumwaga mvua nzito bila kilele kufika kwenye baridi ya barafu, ambayo huku kwetu huanza karibu kilomita 5 juu. Katika IR ni kijivu. Alfajiri huna hata picha ya mwanga wa jua ya kukusaidia. Msimu huo, kijivu chenye madoa kinachotoka baharini kuja pwani kiandike "manyunyu au mvua yawezekana", usiandike "pakavu". Rada ingeona matone yenyewe. Setilaiti hii haiyaoni.

*Kwenye simu yangu Lushoto ilikuwa nyekundu yote. Nyekundu si mvua kubwa?*

Inategemea ni picha ya nini, kaka. Katika picha nyingi za IR rangi hupakwa juu ya vipimo vya joto, na nyekundu ni kilele baridi sana. Soma kipimo kilicho pembeni: kikiwa cha nyuzi za joto, hujaonyeshwa mvua bado. Kikiwa cha milimita, hayo ni makadirio ya mvua.

*Naweza kupima mwendo wa wingu nikajua litafika Pangani saa ngapi?*

Kwa kundi kubwa la mawingu, jaribu kwa saa mbili hivi. Kwa wingu moja la ngurumo usithubutu: mara nyingi huishi chini ya saa moja, na jipya huzaliwa pembeni yake. Tena pima ule ukingo mkali, maana nyuzi za pamba zinakwenda na upepo wa juu wakati mvua imebaki nyuma.

*Mwalimu, mie naanika mbata Pangani. Leo usiku picha ni safi kabisa. Kesho nianike?*

Bi mkubwa, picha ya usiku huu inasema usiku huu tu. Vijiwingu vya Korogwe siku ile havikuwapo saa tatu asubuhi. Kwa kesho sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha uanike. Ikifika saa sita mchana fungua picha ya mwanga wa jua. Bisi zikianza juu ya pwani yenyewe, si nyuma ya Muheza, kaa karibu na turubai.