Lekcha inakimbia? Andika mishale, ufupishe siku hiyohiyo

Hii ni kwa mnaosoma fiziolojia na ma-lekcha wanaopitisha slaidi kama basi la mikoani. Natumia mada moja, jinsi figo inavyorekebisha presha.

1. Kabla mwalimu hajaanza, piga mstari wima upande wa kushoto wa karatasi, uache nafasi kama vidole vitatu hivi. Huko hakuandikwi kitu kwanza.

2. Akianza usinakili slaidi, zile utazipata kwa siaa jioni. Andika namba ya slaidi, halafu nini kinasababisha nini, kwa mishale tu:

presha ↓ → figo → renini → angt 1 → (ACE, mapafu) → angt 2 → mishipa inabana + aldosteroni → chumvi na maji vinabaki → presha ↑

Kitu cha kudaka kwa maneno ni kile anachosema pembeni ambacho slaidi haina, mfano "ndo maana mgonjwa wa enalapril anaweza kupata kikohozi kikavu", kwa sababu mara nyingi swali la testi linatoka hapohapo.

3. Akikuacha, usimkimbize. Weka "??" na uruke mistari miwili, maana ukibaki unaandika alichosema mwanzo unakosa na hiki anachosema sasa, unajikuta una nusu mbili zisizounganika.

4. Lekcha ikiisha msitawanyike, kaa na mwenzio dakika kumi mjaze "??" zote. Mimi ningekuwa na "kikohozi, kwa nini??", mwenzangu kadaka jibu: ACE inavunja pia bradikinini, sasa dawa ikiizuia ACE bradikinini inajaa, koo linawasha. Kesho yake hakuna anayekumbuka hiyo, ndo maana nasema dakika hizo ni muhimu kuliko msuli wa usiku.

5. Jioni funika notsi. Kabisa, na simu geuza. Chukua nusu karatasi uchore mlolongo wote kutoka kichwani, ukikwama acha wazi uendelee. Ukimaliza ndo unafunua, unasahihisha kwa kalamu nyekundu. Wengi wanasahau angiotensini 1 yenyewe haifanyi kazi kubwa mpaka igeuzwe kuwa 2, kwa hiyo hapo wino mwekundu lazima uonekane. Ukiona nusu karatasi haitoshi na sentensi zinafanana na za slaidi, ujue umenakili tu, hujafupisha.

6. Sasa ule upande wa kushoto andika maswali mawili matatu, kama "mgonjwa katapika na kuharisha sana, renini inapanda au inashuka?" (inapanda, maji yamepungua mwilini). Asubuhi kabla ya kipindi ziba upande wa kulia ujibu kwa sauti, basi.

Kwa anatomia mishale haisaidii sana, kule chora picha uweke majina. Na biostati fanya swali moja mpaka mwisho, hiyo ndo samari yako.