Somo: Kazi yako ni hisa au ni hatifungani? Jua kwanza ndo ugawe akiba yako

Wengi tukikaa kupanga akiba tunaanza na umri, kijana aweke hisa nyingi, mzee apunguze, basi kwisha habari. Mimi nilifuata hiyo kanuni miaka mingi bila kuuliza imetoka wapi, na nilipokuja kuuliza nikakuta kumbe ina sharti ndani yake ambalo kwangu halikuwepo kabisa. Sharti lenyewe ni kwamba mshahara wako uwe wa uhakika kama hatifungani, yaani kama mkopo unaoipa serikali au kampuni nayo inakulipa riba iliyopangwa. Sasa kama sio wa uhakika, hesabu inageuka, na kwa watu wengine inageuka kichwa chini miguu juu.

Wazo ni hili. Mtu wa miaka 35 mwenye akiba kidogo benki sio maskini kivile, maana ana mishahara ya miaka 25 ijayo ambayo bado hajaipokea. Hiyo nayo ni mali, ndo mtaji wa nguvu zako, na kwa wengi ndo mali kubwa kuliko zote walizo nazo. Mwaka 1992 wanauchumi watatu, Bodie, Merton na Samuelson, waliiweka hii kwenye hesabu rasmi: usigawe akiba peke yake, gawa jumla ya akiba na kazi. Tuifanye hatua kwa hatua, na kipimo chetu kitakuwa mshahara wa mwaka = 100, wewe utabadilisha uweke wa kwako.

Hatua ya 1: Kazi yako ina thamani gani leo

Mshahara wa mwaka ujao una thamani kubwa kuliko wa mwaka wa ishirini, kwa hiyo hujumlishi tu 100 mara 25. Unapunguza kila mwaka kwa riba fulani. Kama kazi ni ya uhakika tumia riba ndogo karibu na ile ya hatifungani za serikali baada ya kutoa mfumuko wa bei, hapa nitaweka 3%. Kama kazi inayumba weka kubwa zaidi, hapa 8%. Ukiwa na programu yoyote ya majedwali andika tu:

```
=PV(0.03,25,-100)
=PV(0.08,25,-100)
```

Ya kwanza inakupa 1741, ya pili 1067. Yaani mshahara ule ule, miaka ile ile, ila mwenye kazi inayoyumba ana mali ndogo kwa zaidi ya theluthi. Tumia mshahara unaobaki mkononi baada ya kodi, sio ule unaoandikwa kwenye barua ya ajira.

Hatua ya 2: Kazi yako inafanana na nini

Hapa ndo pagumu na hapa ndo watu wanakosea, kwa hiyo tulia kidogo. Swali sio "naweza kufukuzwa?" Kila mtu anaweza kufukuzwa. Swali ni "soko la hisa likianguka, kipato changu kinaanguka nalo?" Ni vitu viwili tofauti. Fundi anayeweza kuumia mkono ana hatari kubwa sana, ila mkono haungojei soko lishuke ndo uumie. Hatari ya namna hiyo dawa yake ni bima na akiba ya dharura. Lakini mtu wa mauzo anayelipwa komisheni kwenye kampuni ya kujenga majumba, yeye uchumi ukipiga chafya wateja wanapotea, komisheni inakufa, na hisa zake zinashuka mwezi huo huo. Huyo tayari ana hisa bila kununua hata moja.

Kwamba vitu hivi huja pamoja sio nadharia. Marekani faharasa ya S&P 500, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa 500, ilishuka zaidi ya nusu kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, na ukosefu wa ajira ukafika 10% Oktoba 2009. Waliopoteza kazi wengine ilibidi wauze hisa ili wale, tena kwa bei ya chini kabisa.

Kujipima, rudi nyuma uangalie 2008 na 2020. Watu wa kazi kama yako walipunguzwa? Bonasi ilikatwa? Aliyetolewa alikaa miezi mingapi kabla ya kupata pengine? Halafu angalia kipato chako chenyewe, kiasi gani ni mshahara usiobadilika na kiasi gani kinategemea mauzo au faida ya kampuni. Hutopata namba kamili, utapata makadirio tu kama "theluthi hivi ya kipato changu hutembea na soko."

Hatua ya 3: Gawa jumla, sio akiba

Chukua watu wawili wa miaka 35, wote mshahara 100, wote akiba 300. Mmoja ni mwalimu wa ajira ya kudumu, mwingine ni yule wa komisheni. Wote wanataka hisa ziwe 30% ya mali yao yote, maana hisa zikishuka nusu mali yote inapungua 15% na hapo wanaona wanaweza kuvumilia.

Mwalimu: jumla ni 1741 + 300 = 2041. Asilimia 30 ni 612. Kazi yake haina hisa ndani, ni hatifungani tupu, kwa hiyo hizo 612 zote zitoke kwenye akiba. Lakini akiba ni 300 tu! Hesabu inamwambia weka yote kwenye hisa na hata kopa uongeze. Kukopa asikope.

Wa komisheni: jumla ni 1067 + 300 = 1367. Asilimia 30 ni 410. Tukisema 35% ya kazi yake ni hisa, tayari ana 373 za hisa kazini. Zimebaki 37 tu za kununua, ambazo ni 12% ya akiba yake.

Umri mmoja, mshahara mmoja, akiba sawa, mmoja 100% mwingine 12%. Kanuni ya umri ingewapa wote jibu moja.

Hatua ya 4: Peleka mbele miaka 20

Hii ndo iliyonishangaza mimi. Sasa wana 55, imebaki miaka 5 ya kazi, tuseme wote wamefikisha akiba 1200. Kazi ya mwalimu sasa ina thamani ya 458, jumla 1658, hisa anazotaka 497, yaani 41% ya akiba. Ameshuka kutoka 100, sawa na kanuni inavyosema. Kazi ya yule wa komisheni ina thamani 399, jumla 1599, anataka hisa 480, kazini ana 140, zinabaki 340, hiyo ni 28% ya akiba. Amepanda kutoka 12! Sababu ni kwamba ile hisa kubwa aliyokuwa nayo, yaani kazi yake, imekuwa ikiyeyuka kila mwaka, kwa hiyo pengo lake inabidi lijazwe na hisa za kununua.

Hatua ya 5: Usiamini namba sana

Badilisha ile 35% iwe 20% uone. Wa komisheni wa miaka 35 anatoka hisa 12% anaenda 66%. Iweke 40%, anatakiwa asiwe na hisa kabisa. Makadirio madogo ya kubahatisha yanageuza jibu lote, na hiyo ni kwa sababu kazi ni kubwa mno ukilinganisha na akiba. Kwa hiyo mimi nachukua mwelekeo tu. Kama nilipanga kuanza na 60% na hesabu inasema 12, naenda nusu ya njia, 36 hivi, na narudia hesabu kila nikibadilisha kazi.

Maswali ya wanachama

Kipepeo: Mkuu mimi niko kwenye mikataba ya miaka miwili miwili, nahesabu miaka 2 au 25?

Hesabu 25, maana ujuzi wako hauishi mkataba ukiisha. Ila toa mapengo. Kama kila baada ya miezi 24 unakaa 3 bila kazi, basi unalipwa miezi 24 kati ya 27, mshahara wa 100 unakuwa 89. Halafu jiulize hayo mapengo yanarefuka wakati uchumi mbaya au ni yale yale tu. Yakirefuka, umesogea upande wa hisa.

Mzee wa Hesabu: Hiyo ya mwalimu 100% hisa sikubaliani nayo kabisa kijana wangu. Mtoto akiumwa anauza hisa kwa hasara, mshahara wa mwaka 2040 hauwezi kwenda nao hospitali.

Shikamoo mzee, na uko sahihi. Kazi ni mali ambayo huwezi kuiuza wala kuiwekea rehani, hesabu yangu imelifumbia macho hilo. Ndo maana miezi kadhaa ya matumizi inatengwa kwanza kama pesa taslimu, haiingii kwenye zile 300 kabisa. Na kama mtu hajawahi kuona akiba yake ikishuka nusu, nisingempa 100% hata hesabu iseme nini.

Dada Neema wa Mauzo: Kampuni yetu inatuuzia hisa zake kwa punguzo 15%, nichukue?

Chukua punguzo dada, halafu ukiruhusiwa tu kuuza, uza upeleke kwenye mfuko mpana wenye hisa za kampuni nyingi. Hisa za mwajiri ni kuweka mshahara na akiba kwenye kapu moja. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, kabla haijaporomoka na kufilisika Desemba 2001, zaidi ya nusu ya pesa kwenye mpango wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wake zilikuwa hisa za Enron yenyewe, wengi wakakosa kazi na akiba kwa mpigo. Na angalia pia usinunue hisa za kampuni nyingine za sekta yenu, watu wanasahau hiyo.

Kobe: Na nikifa je? Hiyo 1741 inaenda wapi?

Inapotea yote siku hiyo hiyo. Hapo hisa wala hatifungani hazisaidii, ni bima ya maisha, na kiasi chake kianzie kwenye hiyo namba ukitoa matumizi yako mwenyewe ambayo familia haitayahitaji tena. Ikibaki miaka 5 ya kazi namba imeshashuka 458, ndo maana bima kubwa ni ya vijana wenye watoto na sio ya wazee.

Mama Wawili: Mimi ni mwalimu, mume wangu yuko kwenye komisheni. Kila mtu agawe yake?

Hapana, jumlisheni. Kwa namba zile zile ni 1741 + 1067 + akiba 600 = 3408, asilimia 30 ni 1022, mume kazini ana 373, zinabaki 649 na nyie mna 600. Kwa hiyo hesabu inaruhusu akiba yote ya nyumba kuwa hisa, kisha mnakata nusu ya njia kama nilivyosema. Mshahara wako ndo unambeba yeye hapo. Ila mngekuwa wote wawili mnalipwa na kampuni moja, ningerudia hatua ya 2 upya kabisa.