Kabla hujaandika insha ya uamilifu na ukinzani kuhusu elimu

Swali lenyewe mnalijua wote mnaosoma sosholojia: linganisha mtazamo wa uamilifu na mtazamo wa ukinzani kuhusu nafasi ya elimu katika jamii. Wengi wakilipata wanakimbilia daftari la mhadhara, wanajaza kurasa mbili za Durkheim, kurasa mbili za Marx, kisha wanamalizia kwa kusema kila nadharia ina faida na hasara zake. Hapo hakuna ulinganisho, kuna insha mbili zimebanwa kwa pini moja.

Cha kwanza kuweka sawa, kabla hata ya kugusa kalamu, ni mahali pande hizi mbili zinapokubaliana. Zote zinasema shule inawachuja vijana, na zote zinasema inawazoesha nidhamu ya kazi na maisha ya jamii. Ugomvi wao ni mmoja: mchujo huo na nidhamu hiyo vinamnufaisha nani? Mwamilifu anajibu kwamba vinainufaisha jamii nzima. Mkinzani anajibu kwamba vinalinufaisha tabaka lenye mali, huku wengine wakiaminishwa kuwa wameshindwa kwa uzembe wao. Ukiandika kwamba uamilifu unaisifu shule na ukinzani unaiponda, umekosea tangu mwanzo. Na ukinzani si migomo ya wanafunzi. Kila mwaka kuna anayejaza aya nzima ya fujo za mabwenini.

Cha pili, tafuta tukio moja uliloliona kwa macho, kisha lipitishe kwa nadharia zote mbili. Hapa Dar mtihani wa kidato cha nne unatosha. Chukua mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili huko Mbagala akaendelea na shule ya kata, na mwenzake wa Mbezi Beach aliyeanza inglishi midiam tangu chekechea. Siku ya baiolojia wanafungua karatasi ile ile. Wote wawili wanajua jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Yule wa Mbagala alilijua hilo akiwa bado msingi, kwa lugha yake, na ukimuuliza kibarazani atakueleza vizuri kuliko mimi. Lakini hapa anatakiwa aeleze kwa sentensi zake za Kiingereza, na muda unakwenda.

Mpe Talcott Parsons tukio hili. Katika makala yake ya 1959 kuhusu darasa la shule, alisema nyumbani mtoto hupimwa kama mtoto wa fulani, ila shuleni anapimwa kwa kipimo kimoja na wenzake wote, na hivyo shule inamvusha kutoka kwenye familia hadi kwenye jamii pana. Namba ya mtahiniwa ni Parsons mtupu: msahihishaji haoni jina, kabila wala mtaa, anaona namba na majibu. Ongeza Kingsley Davis na Wilbert Moore, ambao mwaka 1945 walidai kwamba kazi nyeti zinahitaji watu wachache wenye uwezo, na malipo makubwa ndiyo yanayowavuta wavumilie miaka mirefu ya kusomea. Kwa mtazamo huo, divisheni wani ya kijana wa Mbezi ni jamii inampeleka mtu mahali anapofaa.

Sasa mpe Pierre Bourdieu, aliyeandika na Jean-Claude Passeron mwaka 1970. Atasema namba imelificha jina, haijaificha nyumba. Lugha ya mtihani ni mali ambayo mmoja alikuja nayo kutoka kwao na mwingine hakuwa nayo. Shule haikuigawa sawasawa, ila inaipima kama vile iliigawa, halafu matokeo yanaitwa akili. Aya hii usiipitie haraka. Namba ile ile ya mtahiniwa, kwa Parsons ni usawa, kwa Bourdieu ndicho kinachoufunika ukosefu wa usawa. Ukilionyesha hilo, ulinganisho umefanyika ndani ya tukio lenyewe, na msahihishaji hana haja ya kuutafuta.

Cha tatu ni mipaka ya kila nadharia, na hapa ndipo maksi nyingi zinapopotea. Usiseme tu kwamba nadharia fulani imekosolewa. Sema inakwamia wapi. Durkheim alifundisha Ufaransa wakati serikali ilikuwa inaondoa malezi ya maadili mikononi mwa kanisa na kuyapeleka shuleni, ndiyo maana anaiona shule kama gundi ya taifa. Muulize basi: maadili hayo ya pamoja ni ya nani, na nani aliyachagua?

Samuel Bowles na Herbert Gintis nao, mwaka 1976, walidai kwamba mahusiano ya shuleni yanafanana na ya kazini: kengele, mstari, kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele, mwanafunzi anayefanya kazi kwa ajili ya alama kama kibarua anavyofanya kwa ajili ya ujira. Ukisimama kwenye paredi ya asubuhi ya shule yoyote ya hapa mjini utawaamini. Ila waliiandikia Marekani ya viwanda na maofisi makubwa. Kijana anayemaliza kidato cha nne akaingia kwenye bodaboda au umachinga Kariakoo hana bosi wa kumpigia kengele. Nidhamu ile aliyofundishwa miaka 11 imemwandaa kwa mwajiri yupi? Swali hili linaibana hoja yao vizuri kuliko ukosoaji wowote wa kukariri.

Kasoro nyingine ni ya pande zote mbili: mwanafunzi wao ni kama maji, anamiminwa tu. Paul Willis, mwaka 1977, aliwafuata wavulana wa tabaka la wafanyakazi Uingereza waliokuwa wakiidharau shule waziwazi, na wakaishia kwenye kazi zile zile za viwandani za baba zao. Yeye ni wa upande wa ukinzani, lakini anaonyesha kwamba tabaka linaweza kurithishwa hata na wanaokataa kutii. Aya moja yake inatosha.

Cha mwisho ni Nyerere, kwa sababu utataka kumtaja, na wengi wanamweka kambi isiyo yake. Isome Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kwa makini. Inapoanza kueleza kazi ya elimu, inasema ni kurithisha hekima na maarifa ya jamii kutoka kizazi hadi kizazi na kuwaandaa vijana waishi katika jamii hiyo. Huyo ni Durkheim kabisa. Kurasa chache mbele anasema elimu ya kikoloni ililenga kuwapatia wakoloni watumishi wao, na kwamba mfumo uliorithiwa unawahudumia wachache na kuwatenga na umma unaowalisha. Hapo amehamia kwa wakinzani. Halafu dawa anayoitoa, yaani mashamba ya shule, kazi za mikono na moyo wa ushirika, inarudi tena kwenye mshikamano.

Kwa hiyo usimtumie kama nukuu ya kupamba utangulizi. Mweke katikati ya insha, baada ya ile karatasi ya baiolojia, uulize: kama utambuzi wake wa ugonjwa ni wa kikinzani, dawa ya kiamilifu ingeutibu? Yule mtoto wa Mbagala angelima shamba la shule pamoja na wenzake, kisha kidato cha nne angefungua karatasi ile ile, kwa Kiingereza kile kile.