Glaikoli asilimia ngapi? Mambo ya kuzingatia kabla ya kujaza mfumo wa maji baridi

Kabla hujaagiza pipa hata moja la glaikoli, kimiminika kinachochanganywa na maji ili yasigande, pata jibu la swali hili: siku ile ya baridi kali kuliko zote, pampu ya mfumo itakuwa inazunguka au imezimwa? Wengi hawaulizi. Huchukua kiwango cha chini cha joto cha mji, huongeza nyuzi chache za tahadhari, kisha humimina glaikoli ya kutosha kuzuia hata chembe moja ya barafu. Majira ya baridi hupita salama. Hasara huja kiangazi, pale koili, yale mabomba yanayopoza hewa, zinaposhindwa kazi na hakuna anayekumbuka kilichomiminwa ndani.

Tuchukue mfano wa jengo la ofisi mjini Toronto. Chila, mashine inayopoza maji, iko juu ya paa, hufanya kazi miezi ya joto tu, na baridi ikianza hulala hadi mwaka unaofuata. Mzigo ni kilowati 300. Maji hutoka kwenye chila yakiwa nyuzi 6 na kurudi yakiwa 12. Mhandisi ameamua kujikinga hadi nyuzi 23 chini ya sifuri. Kwa propilini glaikoli, ukitaka mchanganyiko usianze kuganda kabisa kwenye baridi hiyo, unahitaji karibu asilimia 42 kwa ujazo. Ukitaka mabomba yasipasuke tu, asilimia 28 inatosha, na kwa usalama tungeweka 30.

Tofauti hiyo inatokana na namna mchanganyiko unavyoganda. Maji matupu yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kuwa mgumu kama jiwe, ndiyo maana hupasua shaba. Mchanganyiko wa asilimia 30 huanza kutoa chembe za barafu kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Kila chembe inayojitenga huchukua maji na kuacha glaikoli, kwa hiyo kimiminika kinachobaki huzidi kuwa kikali na huzidi kuwa vigumu kukigandisha. Unachopata ni uji wa barafu. Uji huo nao hutanuka, ila husogea ndani ya bomba ukitafuta nafasi badala ya kusukuma kuta.

Basi nafasi iwepo. Tangi la kutanukia lipimwe kwa kuzingatia utanukaji huo, na isiwepo vali iliyofungwa inayonasa kipande cha bomba kisichofika kwenye tangi. Pia pampu isiwashwe katika uji. Weka kwenye mfumo wa udhibiti zuio la kuiwasha mpaka kimiminika chenyewe, hata kile kilicho kwenye mabomba ya paani, kiwe kimepanda juu ya kiwango chake cha kuganda. Kama jengo lina chumba cha seva kinachopozwa mwaka mzima kwa mfumo huohuo, njia hii haikufai. Hapo utachagua kati ya asilimia 42, au kuweka kibadilisha joto cha sahani, kifaa kinachopitisha joto kati ya vimiminika viwili bila kuvichanganya, ili glaikoli ibaki upande wa nje na ndani yazunguke maji matupu. Binafsi napendelea sahani pale mabomba ya ndani yanapokuwa marefu, ingawa utapoteza nyuzi moja au zaidi kati ya pande mbili.

Sasa angalia bei ya kila uamuzi kwenye pampu. Glaikoli hubeba joto kidogo kuliko maji, hivyo kwa mzigo uleule na tofauti ileile ya nyuzi 6 lazima usukume zaidi. Maji matupu yanahitaji karibu lita 11.9 kwa sekunde, mchanganyiko wa asilimia 30 karibu 12.8, na wa asilimia 42 karibu 13.3. Ongezeko hilo peke yake si la kutisha. Kinachouma ni mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Kwenye nyuzi 5, mchanganyiko wa asilimia 30 una mnato wa karibu mara tatu ya maji, na wa asilimia 42 karibu mara tano. Kama mfumo ulihitaji kilopaskali 200 kwa maji, makadirio yangu ni 280 kwa asilimia 30 na 330 kwa asilimia 42. Kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65, nguvu kwenye shafti hupanda kutoka kilowati 3.7 hadi 5.5, kisha hadi 6.7 au zaidi kidogo.

Pampu iliyochaguliwa kwa maji haitakupa hayo. Kwa kawaida haitaungua. Itarudi nyuma kwenye mkunjo wake, yaani grafu ya shinikizo na mtiririko wake, na kutoa lita chache kuliko ulizopanga. Na hapa kuna mtego: fundi akipima tofauti ya shinikizo kwenye koili na kusoma jedwali la maji, ataona mtiririko mzuri kuliko uliopo, kwa sababu sehemu ya shinikizo hilo inatokana na mnato. Mwombe mtengenezaji jedwali la mchanganyiko wako.

Koili huumia kwa njia nyingine. Maji yakipita kwa mita 1 kwa sekunde katika bomba la milimita 12, namba ya Reynolds, kipimo cha vurugu ya mtiririko, huwa karibu 9,000: mtiririko una vurugu, na joto huvuka vizuri kutoka ukutani. Kwa asilimia 30 namba hiyo hushuka hadi karibu 3,000. Kwa asilimia 42 hufika karibu 2,000, chini ya mpaka wa 2,300 ambapo mtiririko hutulia, na safu ya kimiminika iliyogusana na ukuta hukaa palepale kama blanketi. Ukiwa kwenye asilimia 30, vali ikijibana kwa mzigo mdogo utavuka mpaka huohuo. Dalili zake ni hizi: vali iko wazi kabisa, hewa inatoka ikiwa na joto na unyevu, lakini kimiminika kinarudi kikiwa baridi kuliko nyuzi 12. Kuongeza kasi ya pampu kutasaidia kidogo tu. Dawa huwekwa kabla ya kununua: koili ichaguliwe upya kwa asilimia halisi, yenye njia chache zaidi ili kasi ndani ya mabomba ipande, au safu zaidi.

Ethilini glaikoli ina mnato mdogo kuliko propilini, lakini ni sumu. Iache kama kuna uwezekano wowote wa kukutana na maji ya kunywa au chakula. Wala usishuke chini ya asilimia 25 hivi kwa sababu tu baridi ni ndogo: dawa ya kuzuia kutu hupungua nguvu, na bakteria huifanya glaikoli chakula. Nairobi au Dar es Salaam, kwa maji ya nyuzi 7 na chila yenye kinga zake, mara nyingi jibu ni kutotia glaikoli kabisa, hata kama michoro iliyotoka Ulaya imeandika asilimia 30.

Siku ya kujaza, jua ujazo halisi wa mfumo. Ukidhani ni lita 3,000 ukaweka lita 900, kumbe mabaki ya maji kwenye koili yamefikisha 3,300, una asilimia 27 tu, pungufu ya ile 28 ya kuzuia mpasuko. Pima asilimia kwa refraktomita, kifaa kinachoisoma kwa kupinda kwa mwanga, yenye kipimo cha glaikoli uliyotumia, baada ya pampu kuzungusha kila tawi. Kisha funga bomba la maji ya kujazia linalofunguka lenyewe na uweke tangi la mchanganyiko uliokwisha pimwa, maana kila uvujaji mdogo ukijazwa na maji ya bomba, asilimia hushuka bila kengele yoyote kulia.