Karatasi ya zoezi la muthanna: neno moja, sentensi tatu

Kwa mwalimu wa Kiarabu anayeandaa zoezi la muthanna, yaani umbo la vitu viwili, ninapendekeza neno moja lipitishwe katika sentensi tatu badala ya kutoa maneno kumi yaliyotengana, kwa sababu mwanafunzi huona mwisho ukibadilika ilhali shina limetulia.

1. Haadhaani ... (kitaabun)
2. Qara'tu ... (kitaabun)
3. Haadhaani ... Zaydin (kitaabun)

Majibu ni kitaabaani, kitaabayni na kitaabaa. Kosa kubwa liko kwenye la tatu, ambapo wengi huandika «kitaabaani Zaydin» kwa kusahau kwamba nuni hudondoka neno linapoegemezwa kwa mwenyewe; kwa hiyo katika karatasi ya majibu izungushie nuni hiyo duara na uikate. Kosa la pili hujitokeza ukitumia madrasatun: huandika «madrasaani», ilhali ta huonekana, madrasataani.

Njia hii hukwama ukiacha irabu, kwani muslimayni (wawili) na muslimiina (wengi) huandikwa kwa herufi zilezile, na hutaweza kusahihisha kwa haki.