Somo: kuhesabu mipangilio yenye masharti kwa kutoa na kurudisha

Wadau, leo tuchukue yale maswali yenye neno "hakuna" au "kila mmoja angalau", mfano barua 4 zimetiwa kwenye bahasha 4 na hakuna hata moja iliyoingia bahasha yake, zipo njia ngapi? Ukianza kuhesabu moja kwa moja unaingia kwenye matawi, maana barua ya pili ina nafasi mbili au tatu kutegemea ya kwanza imekaa wapi, na ukifika ya tatu ushapotea. Dawa ni kuacha mipangilio mizuri na kuhesabu mibaya.

Hatua ya 1: yape makosa majina. Kosa la 1 ni barua 1 kuingia bahasha 1, kosa la 2 ni barua 2 kuingia bahasha 2, hivyo hivyo mpaka 4. Watu wanairuka hii hatua na ndo inayoamua kila kitu. Kosa linalofaa ni lile ambalo ukililazimisha litokee, kinachobaki kinahesabika kirahisi. "Angalau barua moja imeingia kwake" halifai kuwa kosa, hilo ni yote manne yamefungwa pamoja.

Hatua ya 2: hesabu yote bila sharti. 4! = 24.

Hatua ya 3: lazimisha makosa, moja moja, kisha mawili mawili, kuendelea. Ukiilazimisha barua 1 ikae kwake, tatu zilizobaki zinajipanga kwa njia 3! = 6. Hapa zingatia sana, zilizobaki ziko huru kabisa, hata zikiingia kwao zenyewe hatujali. Kwa hiyo ile 6 sio "barua 1 peke yake ipo kwake", ni "barua 1 ipo kwake, zingine zifanye zinavyotaka". Makosa yapo 4, so 4 × 6 = 24. Mawili mawili kuna jozi 6, kila jozi inaacha barua mbili huru, 6 × 2 = 12. Matatu matatu ni 4 × 1 = 4. Yote manne ni 1.

Hatua ya 4: toa, rudisha, toa, rudisha.

24 − 24 + 12 − 4 + 1 = 9

Kwa nini inafanya kazi? Chukua mpangilio mmoja mbaya uufuatilie. Tuseme barua 1 na 2 zipo kwao, 3 na 4 zimebadilishana. Huu umehesabiwa mara 1 kwenye ile 24 ya mwanzo, ukatolewa mara 2 (kwa kosa la 1 na kwa kosa la 2), halafu ukarudishwa mara 1 kwenye jozi. 1 − 2 + 1 = 0, umefutika. Ule ambao barua zote zipo kwao unapata 1 − 4 + 6 − 4 + 1, nao sifuri. Mpangilio usio na kosa haujaguswa kokote zaidi ya mwanzo, unabaki 1.

Kama huamini orodhesha. Barua 1 ikienda bahasha 2, mipangilio halali ni 2143, 2341 na 2413 (tarakimu ya kwanza ni bahasha ya barua 1, kuendelea). Tatu. Ikienda 3 au 4 ni tatu tatu vile vile, jumla 9.

Kwa barua n fomula inakuwa

D(n) = n! × (1 − 1/1! + 1/2! − 1/3! + ... ± 1/n!)

D(5) = 44, D(6) = 265. Yale mabano yanakimbilia 1/e haraka sana, ndo maana ukigawa n! kwa e, yaani 2.71828..., ukakadiria kwenye namba nzima iliyo karibu unapata jibu lenyewe (720 inatoa 264.87, yaani 265). Maana yake barua ziwe 10 au 1000, uwezekano wa zote kukosa kwao ni karibu 37% ile ile, kitu ambacho wengi hawakitarajii. Swali lenyewe ni la zamani, Mfaransa Pierre Rémond de Montmort alilileta mwaka 1708 akichambua mchezo wa karata.

Sasa "kila mmoja angalau". Kazi 5 tofauti zigawiwe watu 3, kila kazi ina mtu mmoja na hakuna mtu anayekaa bure. Kosa hapa ni la mtu, sio la kazi: "A amekosa", "B amekosa", "C amekosa". Bila sharti ni 3^5 = 243. Mmoja akikosa kwa lazima, wawili wanabaki, 2^5 = 32, mara 3 ni 96. Wawili wakikosa, 1^5 = 1, mara 3 ni 3. Wote watatu kukosa haiwezekani, sifuri.

243 − 96 + 3 = 150

MASWALI YA MEMBA

Swali: Mkuu mimi nilimpa kila mtu kazi moja kwanza, 5 × 4 × 3 = 60, halafu mbili zilizobaki 3 × 3 = 9, nikapata 540. Kosa liko wapi?

Jibu: Dalili unayo mwenyewe, 540 imezidi hata 243 ya bila sharti. Njia yako inatofautisha kazi ya "kwanza" ya mtu na za "nyongeza", wakati kwenye mgawo hakuna tofauti hiyo. Migawo ya 3-1-1 ipo 60, na kila mmoja umeuhesabu mara 3, kwa sababu yoyote kati ya zile tatu ingeweza kuwa ya kwanza. Ya 2-2-1 ipo 90, umeihesabu mara 4. 180 + 360 = 540. Na 60 + 90 ni 150.

Swali: Barua 5, moja tu kamili iwe kwake. Nimefanya 5 × 4! = 120.

Jibu: 120 ni mipangilio yote iliyopo, so haiwezekani. Hiyo 4! inaziacha zingine huru, wewe unataka zikose. Weka D(4): 5 × 9 = 45.

Swali: Na kama barua moja imekatazwa bahasha mbili? Barua 4, ya 1 isiende 1 wala 2, ya 2 isiende 2.

Jibu: Makosa matatu, kila moja linaacha 6, jumla 18. Ila kwenye jozi usizidishe kikasuku, angalia kama makosa mawili yanaweza kutokea pamoja. Barua 1 haiwezi kuwa bahasha 1 na 2 kwa wakati mmoja, na barua 1 na 2 haziwezi zote kuwa bahasha 2, hizo jozi ni sifuri. Inabaki jozi moja yenye 2. 24 − 18 + 2 = 8.

Swali: Kazi zikiwa za kufanana bado ni 150?

Jibu: Hapana, hapo kinachohesabika ni nani kapata ngapi tu, na 3^5 inakufa kwa sababu inatofautisha kazi. 3-1-1 kwa njia 3, 2-2-1 kwa njia 3, jumla 6.